Zahanati Haitafungwa

Kaeni, wanangu. Mlio kwenye mabenchi sogeleaneni, na wewe kijana uliyebaki mlangoni ingia ndani, maana haya nitakayosema yanawahusu saidia fundi kama yanavyomhusu fundi mkuu.

Mwenyekiti wa kijiji ameniomba nizungumze nanyi kabla sululu ya kwanza haijagusa ukuta. Nimeshika timazi na pima maji tangu sijaoa, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa msimamizi wa ujenzi wa majengo ya afya. Jengo hili nalijua. Lilijengwa mwaka 1974, enzi za vijiji vipya, na mawe ya msingi wake bibi zenu waliyabeba kichwani kutoka mtoni. Leo paa linavuja, lipu imevimba, sakafu ya chumba cha kujifungulia imepasuka, na mgonjwa asiyeweza kutembea bado anabebwa mikononi kupandishwa barazani. Fedha zimeingia, mafundi mmepatikana, tuko Julai na ardhi imekauka. Vuli ikifika Oktoba tuwe tumemaliza, kwa hiyo tuna wiki 12.

Kabla ya yote nataka tukubaliane kwamba zahanati hii haitafungwa. Ya jirani iko kilomita nyingi, na mama mwenye uchungu hawezi kuambiwa asubiri mpaka rangi ikauke. Wagonjwa watatibiwa chumba hiki huku nyinyi mnagonga chumba kile. Hapo ndipo ukarabati wa zahanati unapotofautiana na ujenzi wa nyumba. Kwenye kiwanja kitupu fundi ndiye mwenyeji, lakini hapa mtakuwa wageni katika nyumba ya wagonjwa kwa miezi mitatu, na kila kanuni nitakayoweka imetokana na hilo.

Tuanze na nani ana kauli juu ya nini, kwa sababu nimeona kazi zikiharibika kwa jambo hili kuliko kwa saruji mbovu. Kuna mahali niliitwa kazi ikiwa nusu. Sinki la chumba cha kufungia vidonda lilikuwa limehamishwa mara tatu. Fundi alikuwa ameliweka karibu na dirisha kama ramani inavyoonyesha. Akaja kiongozi mmoja akasema lisogezwe pembeni, ukuta ukachimbwa upya. Akaja mtu wa afya akasema pembeni mlango utaligonga, likahamishwa tena. Kisha mwingine akataka lirudi dirishani. Kila aliyesema alikuwa na sababu, na fundi alimtii kila mmoja kwa heshima. Mwishowe ukuta ulikuwa na mifereji mitatu ya bomba, na fedha za marumaru zilikuwa zimeliwa na lipu ya kuziba.

Hapa maelekezo yatatoka kwenye kinywa kimoja, nacho ni cha fundi mkuu. Mwenyekiti na kamati yake ya ujenzi, mkiwa na jambo mwambieni yeye, msimwambie aliyeshika mwiko. Mganga mfawidhi, wewe pia mwambie yeye. Mhandisi wa halmashauri akija kukagua, maelekezo yake yatapita hapo hapo. Nawe fundi mkuu, hutabadilisha kitu chochote kilichomo kwenye ramani au makadirio mpaka kimeandikwa katika kitabu cha maelekezo: tarehe, kinachobadilishwa, sababu, gharama itaongezeka au itapungua kiasi gani, na sahihi mbili, yako na ya aliyeagiza. Mkubwa akija na agizo la mdomo, mpe kitabu na kalamu kwa adabu. Nimeona maagizo mengi yakiishia pale pale mtu aliposhika kalamu, kwa sababu alipotaka kuandika sababu hakuiona.

Juu ya mchanganyiko wa saruji, kina cha msingi na kamba ya timazi, kauli ni ya fundi mkuu, na mganga hataingilia. Lakini swali la kama chumba fulani leo kinaingilika au hakiingiliki ni la mganga mfawidhi, na asipokuwepo ni la muuguzi wa zamu. Akisema "simamisheni, kuna mama anajifungua," nyundo zinawekwa chini hapo hapo. Saa zitakazopotea zinaandikwa kitabuni, na hakuna kibarua atakayekatwa ujira kwa saa hizo. Nalisema hili mbele ya kamati ili baadaye kusiwe na ubishi.

Sasa mpangilio wa vyumba. Tunavyo sita: cha mganga, cha sindano na vidonda, cha kliniki ya mama na mtoto, cha kujifungulia, cha mapumziko baada ya kujifungua, na stoo ya dawa. Vijana wengi wangeanza na chumba cha kujifungulia kwa kuwa ndicho kibovu kuliko vyote. Mkianza nacho, mama wa kwanza atakayefika usiku atajifungulia wapi? Chumba cha kuhamia lazima kiwe kimekwisha kabla chumba kinachohamwa hakijaguswa. Kwa hiyo baada ya paa tutaanza na chumba cha mapumziko. Kikimalizika, kikapata maji, taa na pazia, kitanda cha kujifungulia kitahamia humo kwa muda, na akina mama waliojifungua watapumzika upande mmoja wa chumba cha kliniki. Hapo ndipo tutafunga chumba cha kujifungulia, tung'oe sakafu, tupige lipu na sakafu mpya, tuiache ipate nguvu.

Nasema ipate nguvu kwa sababu najua papara zenu. Sakafu ya saruji na lipu haviivi kwa kukauka haraka. Saruji huwa ngumu kwa kunywa maji, na jua la Julai likiyanyonya mapema, niru itachanika nyufa nyembamba kama nywele. Humo kwenye nyufa damu huingia na dawa ya kusafishia haiifikii. Mtamwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, mkifunika magunia yaliyoloa. Wiki hiyo fundi wa chumba hicho atakuwa kwenye kazi ya nje, hatakaa bure.

Paa ni la kwanza kwa sababu iliyo wazi kwa kila mtu: hupaki rangi chini ya bati linalovuja. Tutaezua upande mmoja kwa wakati, na upande ulioezuliwa asubuhi ufunikwe kabla ya jua kuzama, hata kama kwa turubai. Hapo sina mengi ya kuongeza, kenchi nilizipanda mwenyewe juzi na nyingi ni nzima.

Nitakawia zaidi kwenye umeme, kwa sababu ya friji.

Miaka mingi iliyopita nilisimamia ukarabati wa zahanati moja. Ijumaa alasiri fundi umeme aliniambia anataka kubadilisha meni swichi. Nikamwambia endelea. Alikata umeme, akafunga kazi nusu kwa kuwa kifaa kimoja kilipungua, akaahidi kurudi Jumatatu. Taa hazikuhitajika mwisho wa juma, hakuna aliyelalamika. Jumatatu muuguzi alifungua friji ya chanjo asubuhi kusoma kipimajoto kama kawaida, akakuta nyuzi 19. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Alinitazama bila kusema neno. Siku iliyofuata akina mama walifika na watoto mgongoni, wengine walitoka nyumbani alfajiri, wakarudishwa. Fundi umeme hakuwa na kosa, aliomba ruhusa na mimi nikampa. Nilikuwa nimejifunza kila kitu juu ya waya na sikujua kwamba nyuma ya ukuta ule kuna friji isiyolala.

Kwa hiyo hapa umeme haukatwi kwa neno la fundi mkuu peke yake, wala kwa langu. Fundi umeme atamwambia muuguzi wa chanjo siku moja kabla, ataje saa ya kukata na saa ya kurudisha, na muuguzi atatia sahihi kitabuni. Hakuna kukata umeme Ijumaa, wala alasiri ya siku yoyote. Kazi ya meni swichi ianze asubuhi, vifaa vyake vyote vikiwa vimehesabiwa mezani, ili ikikwama tuwe bado na mchana wa kuikwamua.

Kazi ikizidi muda, chanjo zinahamishiwa kwenye kasha baridi. Wanangu, msizihamishe wenyewe kwa wema wa moyo. Mtu asiyejua atachukua barafu ngumu kutoka kwenye jokofu, azipange kasha zima na kuzitumbukiza chupa katikati, akiamini kadiri baridi inavyozidi ndivyo usalama unavyozidi. Kumbe chanjo nyingine, kama ile ya pamoja inayokinga pepopunda, dondakoo na kifaduro, ikiganda inakufa. Muuguzi hutoa zile pakiti za barafu kwanza, huziacha mezani zianze kuyeyuka, na huzitikisa sikioni mpaka asikie maji yakicheza ndani, ndipo anazipanga. Tena alama iliyobandikwa kwenye chupa hubadilika rangi kwa joto lililozidi, lakini haikuambii kwamba chupa iliganda jana usiku. Chupa iliyoharibika kwa kuganda yaweza kuonekana nzima, mtoto akachomwa, mama akaondoka ameridhika. Ndiyo maana friji, kasha na kila kilichomo ni vya muuguzi peke yake. Kazi yenu ni kumpa taarifa mapema na kumrudishia umeme saa mliyoahidi.

Maji nayo yana mpaka wake. Fundi bomba, huwezi kufunga koki kuu wakati kuna mama chumba cha kujifungulia. Kabla hujafunga, ndoo zenye koki ziwe zimejazwa na kuwekwa kila penye sinki. Mkunga asiye na maji ya kunawa ni hatari kwa wawili.

Vumbi ndilo litakalotugombanisha kila siku, kwa hiyo sheria yake iwe wazi. Hapa wanakuja watu wenye kifua kibaya na watoto wachanga. Chumba kinachofanyiwa kazi kitafungwa kwa nailoni nzito kutoka dari hadi sakafuni, na mlango wake wa kuingilia mafundi utakuwa dirishani upande wa nje, ambako tutaweka ngazi ya mbao. Hakuna karai la kifusi litakalopita kwenye korido ya wagonjwa. Ukuta unalowanishwa kabla ya kubanduliwa lipu, sakafu inafagiliwa ikiwa imenyunyiziwa maji. Rangi ya zamani msiikwangue ikiwa kavu, maana rangi za miaka ile huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa mtoto anayetambaa. Siku za kliniki ya watoto, Jumanne na Alhamisi, hakuna kugonga mpaka saa nane mchana. Siku hizo fanyeni kazi za kimya: kupima, kukata mbao nje, kupanga marumaru.

Kuna jambo moja la nyuma ya jengo. Ramani inaonyesha shimo la maji taka litachimbwa pale penye mibono. Mimi nakumbuka pale palikuwa na shimo la taka za zahanati zamani, kabla ya kujengwa kichomea taka. Muuguzi mzee aliyestaafu anakumbuka hivyo hivyo. Sindano hazijui kuoza. Nimeomba shimo lisogezwe, mhandisi ataamua baada ya kuona. Hata likisogezwa, atakayechimba popote nyuma ya jengo avae buti ngumu na glavu, atumie chepeo, asichambue udongo kwa mkono.

Ukichomwa na sindano, sikiliza vizuri: acha kazi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usilifyonze wala usilikamue, na nenda kwa mganga wakati huo huo. Zipo dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya kuchomwa, lakini lazima zianzwe ndani ya saa 72, na zinafaa zaidi zikianzwa saa chache za mwanzo. Najua kijana wa kibarua anavyowaza. Anaona akisema atarudishwa nyumbani na ujira wa siku utaondoka, basi anajifuta damu kwenye suruali na kuendelea. Kamati imekubali kwamba atakayechomwa analipwa siku yake yote hata kama ilikuwa saa mbili asubuhi. Njoo useme.

Sasa, tutajuaje kwamba tumemaliza? Mgeni wa siku ya ufunguzi atatazama rangi. Rangi ni ya mwisho na ndiyo inayodanganya kuliko yote. Tazameni ukuta wa stoo ya dawa kwa ndani: mpaka usawa wa goti lipu imevimba na imetoa chumvi nyeupe. Umeshapakwa rangi mara mbili ninazozikumbuka, na chumvi imerudi mara zote mbili, kwa sababu nje ya ukuta ule udongo wa shamba umejaa mpaka ukapita usawa wa sakafu. Ukuta unakunywa maji ya ardhi. Kwanza tutaondoa udongo mpaka ushuke sentimita 15 chini ya sakafu, tubandue lipu iliyooza, tuuache ukuta upumue wiki kadhaa, na stoo iwe chumba cha mwisho kupakwa. Dawa zitasogezwa katikati ya chumba, juu ya vichanja, zikiwa zimefunikwa na mlango una kufuli.

Kumaliza kwetu kutapimwa kwa mambo yanayopimika. Chukueni sakafu ya chumba cha kujifungulia. Kutoka ukuta wa kitanda hadi kitundu cha maji ni mita 3. Kila mita ishuke sentimita 1, kwa hiyo kitundu kiwe chini ya ukutani kwa sentimita 3. Macho hayaoni mteremko huo, na pima maji fupi inaweza kukudanganya. Siku ya kukabidhi muuguzi atamwaga ndoo moja ya maji ukutani, sote tukiwa tumesimama. Maji yakienda yote kwenye kitundu, chumba kimekwisha. Yakituama sehemu au yakaelekea mlangoni, hakijakwisha, hata kama kinang'aa, na fundi atarudia kwa gharama yake. Fundi wa sakafu, nakuambia mapema ili umwage ndoo yako mwenyewe kabla niru haijapigwa.

Mtelemko wa barazani nao tuupigie hesabu hapa hapa, maana ramani imeuchora mstari ulionyooka na wengine mmeshaanza kuuchimbia. Baraza liko sentimita 45 juu ya uwanja. Ili mtu asukume kiti cha magurudumu bila kukishindwa, kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Mara 45, tunapata sentimita 540, yaani mita 5 na nusu kasoro kidogo. Kutoka baraza mpaka mwembe ni mita 4 tu. Kuna mahali nilikuta wamekabiliwa na hesabu kama hii wakaamua kubana, wakajenga mtelemko wa mita 2. Ulikuwa mzuri kwenye picha. Wagonjwa walibebwa kupitia ngazini kama zamani, na mtelemko ukawa wa watoto kuteleza, kwa sababu kiti cha magurudumu kikipanda pale kinarudi kinyumenyume na anayesukuma anaangukiwa.

Mwembe hatuukati, kivuli chake ndicho chumba cha kusubiria. Mtelemko utakunjwa. Kipande cha kwanza kitakwenda sambamba na baraza mita 2 na sentimita 70, halafu pawe na kituo bapa cha mita 1 na nusu mbele na mita 2 na nusu ubavuni, ili kiti kiweze kugeuka, halafu kipande cha pili kirudi mita 2 na sentimita 70 mpaka juu. Mbili mara 270 ni zile 540. Upana uwe sentimita 120, uso ukwaruzwe kwa ufagio saruji ikiwa mbichi usiteleze mvua ikinyesha, na bomba la kushikia liwe usawa wa sentimita 90. Mabadiliko haya ni ya kwanza kuandikwa kitabuni. Siku ya kukabidhi, mmoja wenu atakaa kwenye kiti cha magurudumu na binti wa muuguzi, yule anayesoma darasa la 7, atamsukuma mpaka juu. Akiweza yeye, mtelemko umekubaliwa.

Nimwendee mtunza stoo. Mwanangu, wewe ni mdogo kuliko wote hapa na umebeba ufunguo. Kamati ya manunuzi itanunua, kamati ya mapokezi itapokea na kuhesabu mbele ya dereva kabla gari halijaondoka, nawe utatoa kwa fundi kwa sahihi. Aliyenunua asipokee. Lakini kuhesabu mifuko peke yake hakutoshi, lazima ujue mfuko unafanya kazi gani, ili fundi akija mara ya pili ujue cha kumuuliza.

Tuchukue chumba cha mapumziko. Kuta zake za kupigwa lipu ni kama mita za mraba 40. Lipu ya milimita 15 kwenye eneo hilo ni mita za ujazo 0.6 ikiwa imekandamizwa. Mchanga na saruji vikiwa vikavu huwa vimevimba, kwa hiyo unaandaa takribani 0.8. Mchanganyiko wetu ni 1 kwa 4, kwa hiyo saruji ni fungu moja kati ya matano, yaani 0.16. Kwa uzito ni kama kilo 230, na mfuko una kilo 50. Mifuko minne na nusu na ushei, sema 5. Fundi akiomba 5, mpe. Akiomba 8, usimwite mwizi mbele ya watu. Nenda naye ukutani. Huenda ukuta umepinda na lipu imelazimika kuwa nene kuusawazisha, basi mtaliona kwa kamba na mtaandika. Akimaliza kwa mifuko 3, hapo pia nenda, tena haraka zaidi, ukaukwangue ukuta kwa msumari. Lipu iliyonyimwa saruji inatoka unga. Kipimo cha kuchanganyia ni ndoo ya lita 20: kila mfuko mmoja, ndoo 7 za mchanga. Ndoo hiyo ibaki kwenye ubao wa kuchanganyia. Koleo lisitumike kupima, kwa sababu koleo la asubuhi na koleo la saa kumi jioni hayajawahi kuwa sawa.

Tutakutana kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, hapa, kabla ya foleni ya wagonjwa, kwa nusu saa: mganga, muuguzi, fundi mkuu, mtunza stoo, mmoja wa kamati. Muuguzi atasema wiki hiyo anatarajia nini, fundi atasema atagusa chumba gani, umeme utakatwa lini, maji lini. Mengine yakasemewe nyumbani.

Maswali yenu nitayachukua tukitoka nje, maana naona wagonjwa wameanza kujaa barazani. Kesho hakuna kugonga. Kesho fundi umeme atakuja asubuhi, atafuatana na muuguzi mpaka kwenye friji, watafuata waya kutoka kwenye soketi mpaka kwenye meni swichi, na ile swichi ya friji ataipaka rangi nyekundu. Kitabu cha maelekezo hiki hapa. Tarehe nimeshaandika, na mstari wa kwanza ni wa mtelemko. Fundi mkuu, sogea utie sahihi.